Mraba wa ajabu wa visanduku tisa: jinsi ya kuujaza bila kubahatisha

Wengi wetu tulijifunza kujaza mraba wa ajabu, ule ambao kila mlalo, wima na mshazari hutoa jumla moja, kwa penseli na kifutio. Unaweka namba, unajumlisha mlalo, inakubali. Unajumlisha wima, inakataa. Unafuta, unaweka nyingine, na sasa mlalo uliokuwa sawa umeharibika. Mwisho wa yote jibu hupatikana, ila karatasi imetoboka na hujui kwa nini jibu limekuwa hilo na si lingine.

Mraba wa visanduku tisa hauhitaji kubahatisha hata mara moja. Zipo kanuni mbili, zote zinatokana na kujumlisha tu, na ukizishika unaweza kujaza fumbo lenye namba tatu peke yake, hata kama jumla hukupewa. Hizo mbili ndizo nitakazozieleza hapa kwa kirefu, kisha nitasogea kidogo kwenye mraba wa visanduku kumi na sita, ambao una tabia yake.

Majina ya visanduku

Tuvipe visanduku herufi ili tuelewane:

```
A  B  C
D  E  F
G  H  I
```

A, C, G na I ni pembe. B, D, F na H nitaviita vya ubavu. E ni katikati. Milalo ni mitatu, wima ni tatu, na mishazari ni miwili: A-E-I na C-E-G. Mistari yote minane lazima itoe jumla moja. Hiyo jumla nitaiita J.

Tofautisha aina hizi za visanduku tangu mwanzo, kwa sababu hazina kazi sawa. Kisanduku cha katikati kinapitiwa na mistari minne, cha pembe na mitatu, cha ubavu na miwili tu. Ndiyo maana anayeanza kubahatisha ubavuni huchelewa kugundua kosa: kisanduku chake kina mashahidi wachache.

Hatua ya kwanza: tafuta katikati

Kanuni ya kwanza: namba ya katikati ni theluthi ya jumla. Kama J ni 60, katikati ni 20. Kama J ni 15, katikati ni 5. Hakuna uchaguzi hapo.

Sababu yake ni hii. Chukua mistari minne inayopita katikati: mlalo wa kati, wima wa kati na mishazari miwili. Ijumlishe yote, utapata J mara nne. Sasa angalia umehesabu nini: kila kisanduku kisicho E umekihesabu mara moja, na E umeihesabu mara nne. Kwa hiyo una mraba mzima mara moja, pamoja na E tatu za ziada. Mraba mzima ni milalo mitatu, yaani J mara tatu. Ukiondoa J tatu kwenye J nne inabaki J moja, nayo ni sawa na hizo E tatu. Basi E ni J kugawanya kwa tatu.

Hapo hapo unapata faida ya pili. Visanduku viwili vinavyotazamana kupitia katikati, kwa mfano A na I, au D na F, jumla yao ni E mara mbili. Namba ya katikati ni wastani wao. Kwa hiyo ukijua E na kisanduku kimoja, cha upande wa pili unakijua bila kuhitaji mstari mwingine. Katikati ikiwa 20 na pembe moja ni 27, pembe ya mkabala ni 13.

Kama fumbo limekupa jumla, anza hapa kila mara. Gawanya kwa tatu, andika katikati, kisha jaza mikabala. Mafumbo mengi yenye jumla iliyotajwa huisha kabla hujafika kwenye kanuni ya pili.

Hatua ya pili: pembe na mbavu mbili zisizoigusa

Kanuni hii haijulikani sana, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Kila pembe ni wastani wa visanduku viwili vya ubavu ambavyo haviigusi. Pembe A inagusana na B na D. Visivyoigusa ni F na H. Basi:

```
A = (F + H) / 2
C = (D + H) / 2
G = (B + F) / 2
I = (B + D) / 2
```

Ijaribu kwenye mraba unaofahamika kuliko yote, ule wa 1 hadi 9 ambao Wachina huuita Luo Shu, na ambao masimulizi yao husema ulionekana mgongoni mwa kobe aliyetoka mto Luo:

```
4  9  2
3  5  7
8  1  6
```

Pembe ya juu kushoto ni 4. Mbavu zisizoigusa ni 7 na 1. Jumla yake ni 8, nusu yake ni 4. Pembe ya chini kushoto ni 8, na mbavu zake za mbali ni 9 na 7, jumla 16. Inakubali pembe zote nne.

Ushahidi wake ni mfupi. Wima wa kulia ni C, F na I. Mlalo wa chini ni G, H na I. Ukiviweka pamoja una C, G, F, H na I mbili, na jumla ni J mbili, yaani E sita. Lakini C na G wanatazamana, kwa hiyo wao wawili ni E mbili. Zinabaki F, H na I mbili, sawa na E nne. Na kwa kuwa A na I pia wanatazamana, I mbili ni E nne ukitoa A mbili. Ziondoe pande zote, utabaki na F na H sawa na A mbili.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haihitaji jumla wala katikati. Ndiyo inayofungua mafumbo yanayoonekana kama yamekunyima kila kitu.

Fumbo moja kutoka mwanzo hadi mwisho

Hili hapa. Jumla haikutajwa, katikati ni tupu:

```
 _   _  17
 _   _   6
 _  12   _
```

Aliyezoea kubahatisha atatazama wima wa kulia, 17 na 6, ataongeza namba yoyote ili apate jumla fulani, na atazunguka hapo muda mrefu. Sisi tutazame pembe kwanza.

F ni 6 na H ni 12. Pembe isiyoguswa na yoyote kati ya hizo ni A. Kwa hiyo A ni nusu ya 18, yaani 9. Hatujui jumla bado, lakini pembe ya kwanza imekaa.

Pembe C ni 17, na mbavu zake za mbali ni D na H. H tunayo, ni 12. Mara mbili ya 17 ni 34, toa 12, D ni 22.

Sasa D na F wanatazamana: 22 na 6. Wastani wao ni 14, na huo ndio katikati. Jumla ni 14 mara tatu, yaani 42. Kuanzia hapa ni kutoa tu. B inatazamana na H, kwa hiyo ni 28 kutoa 12, yaani 16. I inatazamana na A, ni 19. G inatazamana na C, ni 11.

```
 9  16  17
22  14   6
11  12  19
```

Usiishie hapo. Kwa kuwa tumetumia mikabala kujaza, mishazari na mistari ya kati itakubali tu hata tukiwa tumekosea mahali, maana ndivyo tulivyoijaza. Kagua mistari ya kingo: mlalo wa juu, 9, 16 na 17, ni 42. Mlalo wa chini, 11, 12 na 19, ni 42. Wima wa kushoto, 9, 22 na 11, ni 42. Wima wa kulia, 17, 6 na 19, ni 42. Hiyo minne ndiyo inayokamata makosa ya kutoa.

Kuna wanaokagua milalo na wima na kuiacha mishazari. Hiyo ni hatari kwa anayejaza kwa njia nyingine. Chukua Luo Shu, pandisha mlalo wa kati uwe wa juu:

```
3  5  7
4  9  2
8  1  6
```

Kila mlalo ni 15, kila wima ni 15. Mshazari mmoja ni 18 na mwingine ni 24. Ukitumia kanuni ya kwanza hulazimiki hata kuijumlisha mishazari: jumla ni 15, katikati ni 9, basi haufai.

Namba tatu zinatosha, lakini si tatu zozote

Nimesema namba tatu zinatosha. Inabidi niweke mpaka hapo, maana watunga mafumbo wengi hukwama hasa kwenye jambo hili.

Tuseme umepewa mlalo wa kati peke yake: 22, 14, 6. Ni namba tatu, lakini ya tatu haikukuambia kitu kipya. Ukijua 22 na 14, ile 6 ungeipata mwenyewe. Kwa hiyo kwa kweli umepewa habari mbili tu, na mraba una majibu mengi. Vivyo hivyo ukipewa F, H na A pamoja: A ingetoka kwenye hizo mbili, haiongezi lolote. Kabla ya kulaumu akili yako, uliza kama namba moja kati ya ulizopewa inaweza kupatikana kutoka kwa zile mbili nyingine. Ikiwezekana, unahitaji namba ya nne; jumla ikitajwa husaidia pale tu ambapo katikati hukuijua bado.

Upande wa pili wa jambo hili ni fumbo lenye namba zinazopingana. Nakumbuka karatasi moja ya mazoezi niliyoikalia jioni nzima. Jumla iliandikwa 40, na maelekezo yalitaka namba nzima. Nilijaza, nikafuta, nikaamini tatizo ni mimi. Arobaini haigawanyiki kwa tatu. Katikati ingekuwa 13 na theluthi. Fumbo halikuwa na jibu tangu lilipochapwa, na ningelijua hilo kwa sekunde tano kama ningejua kanuni ya kwanza.

Ipo dalili nyingine ambayo huonekana kwa kutazama tu. Kwa kuwa pembe ni nusu ya jumla ya mbavu mbili, jumla hiyo lazima igawanyike kwa mbili. Hivyo F na H lazima zote ziwe shufwa au zote ziwe witiri. Sababu hiyo hiyo inaziunganisha H na D, kisha D na B. Matokeo yake, mbavu zote nne za mraba wa namba nzima ni za aina moja. Rudi kwenye Luo Shu: 9, 3, 7, 1, zote witiri. Rudi kwenye mraba wetu: 16, 22, 6, 12, zote shufwa. Ukiona fumbo limekupa 6 ubavuni na 11 ubavuni, weka penseli chini.

Kutunga la kwako

Kutunga ni rahisi kuliko kujaza, na ndiyo njia bora ya kuziona kanuni zikifanya kazi. Chagua namba ya katikati, iite k, na namba mbili nyingine, m na n. Kisha:

```
k+m     k-m-n   k+n
k-m+n   k       k+m-n
k-n     k+m+n   k-m
```

Jumlisha mstari wowote, m na n zitafutana zenyewe na utabaki na k tatu. Mraba wetu wa 42 ulitoka hapa, kwa k ya 14, m ya hasi 5 na n ya 3. Kila mraba wa ajabu wa visanduku tisa duniani umo kwenye umbo hili, kwa namba ulizozichagua wewe.

Angalia mambo mawili. Ili kusiwe na namba hasi wala sifuri, k iwe kubwa kuliko m na n zikijumlishwa bila kujali alama zake. Na ili namba isijirudie, m na n zisiwe sifuri, zisiwe sawa, wala moja isiwe mara mbili ya nyingine, tena bila kujali alama. Ukichagua m ya 2 na n ya 4, kwa mfano, utaona namba mbili, kila moja imekaa mahali pawili. Mraba bado una jumla moja, ila wajazaji hawaupendi.

Halafu futa visanduku sita, ukiacha vitatu ambavyo hakuna kinachotoka kwa viwili vingine. Fumbo lina jibu moja.

Ukitaka kutumia 1 hadi 9 pekee, uhuru huo wote unakwisha. Kuna miraba minane tu, na yote ni Luo Shu ile ile iliyozungushwa au kugeuzwa kama kwenye kioo.

Ukifika kwenye visanduku kumi na sita

Hapa usibebe kanuni ya katikati, kwa sababu katikati haipo. Hata mraba wa tano kwa tano, ambao katikati inayo, haukulazimishi kuweka sehemu ya tano ya jumla hapo. Theluthi ni ya mraba wa tatu kwa tatu peke yake.

Miraba yenye kisanduku cha katikati, yaani yenye pande za witiri, ina njia zake za kuundwa. Mwanazuoni wa Katsina, kaskazini mwa Nigeria ya leo, Muhammad ibn Muhammad al-Fulani al-Kishnawi, aliyefariki Kairo mwaka 1741, aliandika juu ya njia hizo kwa Kiarabu. Wa nne kwa nne unataka mkono mwingine, na wa namba 1 hadi 16 una njia fupi mno. Andika namba kwa mpangilio, kuanzia juu kushoto. Kisha zile zilizo kwenye mishazari miwili zibadilishane na za mkabala wake: 1 na 16, 6 na 11, 4 na 13, 7 na 10. Nyingine usiziguse.

```
16   2   3  13
 5  11  10   8
 9   7   6  12
 4  14  15   1
```

Kila mstari ni 34. Sasa badilisha wima mbili za kati, ya pili iende ya tatu. Mlalo wa chini unakuwa 4, 15, 14, 1. Huu ndio mraba ambao Mjerumani Albrecht Dürer aliuchora kwenye picha yake ya Melencolia I, na zile 15 na 14 zilizokaa pamoja chini ni mwaka wa picha yenyewe, 1514.

Kwa anayejaza fumbo la nne kwa nne, kanuni ya kushika ni moja: pembe nne zikijumlishwa hutoa J, na visanduku vinne vya katikati navyo hutoa J. Mlalo wa juu na wa chini, pamoja, ni J mbili. Wima mbili za kati, pamoja, nazo ni J mbili. Makundi haya yote mawili yana visanduku vile vile vinne: viwili vya kati vya mlalo wa juu na viwili vya kati vya mlalo wa chini. Viondoe, na kundi moja linabaki na pembe, jingine linabaki na vya katikati. Basi hayo mawili ni sawa. Mishazari miwili inayabeba yote na kutoa J mbili, kwa hiyo kila moja ni J. Ukipewa pembe tatu, 16, 13 na 4, na jumla ya 34, pembe ya nne ni 1 hata kama hakuna mstari mmoja uliokaribia kujaa. Ila namba tatu hapa hazitoshi kabisa. Kwa namba 1 hadi 16 ipo miraba 880 tofauti, bila kuhesabu iliyozungushwa au kugeuzwa. Mfaransa Frénicle de Bessy ndiye aliyeiorodhesha, na orodha ikachapwa mwaka 1693.

Rudi kwenye visanduku tisa kwa fumbo hili. Jumla siitaji:

```
19   _   8
 _   _   _
 _  12   _
```

Pembe mbili za juu zote ziko mbali na ubavu wa 12. Pembe ya chini kulia ikitoka 11, umefika.